Picha ya Jicho Jekundu Lililovimba: Namna ya Kutambua Maambukizi Yasiyosubiri

Mtu akitumiwa picha ya jicho lililovimba, kitu cha kwanza anachokiona ni ukubwa wa uvimbe, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Ngozi ya ukope ni nyembamba sana, na chini yake kuna nafasi legevu inayojaa maji upesi, hivyo kuumwa na mbu kunaweza kulifunga jicho la mtoto kwa usiku mmoja, ilhali maambukizi yanayoweza kumpofusha huenda yakaanza na uvimbe wa kadiri tu. Katika miaka yangu ya uuguzi wa macho nimepokea picha nyingi za aina hii kutoka kwa wazazi, majirani na wahudumu wenzangu, na kila mara swali ninalojiuliza ni hili: jicho lenyewe, lililo nyuma ya ukope huo, liko katika hali gani?

Swali hilo lina sababu ya kimaumbile. Kutoka kwenye ukingo wa mfupa wa tundu la jicho huteremka utando mgumu unaoingia ndani ya ukope na kuugawa mbele na nyuma. Maambukizi yakibaki mbele ya utando huo, kinachovimba ni ngozi ya ukope tu, na kwa kawaida dawa za antibiotiki hutosha. Yakiwa nyuma yake, yamo ndani ya tundu lenyewe, mahali palipo misuli inayolizungusha jicho, mafuta yanayolishikilia na neva inayopeleka picha kwenye ubongo, na kwa kuwa tundu hilo limezungukwa na mfupa, uvimbe hauna pa kwenda isipokuwa kulisukuma jicho mbele na kuikandamiza neva. Hali hiyo ya pili humaanisha kulazwa hospitalini, kupewa dawa kupitia mshipa na mara nyingi kupigwa picha ya CT, ile ya mionzi inayoonyesha ndani ya kichwa, kwa sababu maambukizi yanaweza kuua uwezo wa kuona au kupanda hadi kwenye ubongo. Kwa nje, hali hizo mbili zinaweza kufanana kabisa katika picha ya jicho lililofumbwa.

Hatua ya kwanza: omba picha zinazoweza kujibu swali

Picha moja ya jicho lililofumba, iliyopigwa usiku kwa flashi, haifai kuamulia chochote. Mwombe mgonjwa au anayemhudumia akae karibu na dirisha mchana, mwanga ukitokea ubavuni, na simu iwe umbali wa sentimita 20 hadi 30 ili iweze kulenga vizuri. Flashi izimwe, kwa sababu huchoma rangi na kuacha mng'ao mkubwa juu ya konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya jicho. Vichujio vya urembo vizimwe pia. Simu nyingi hulainisha ngozi na kupunguza wekundu bila mwenye simu kujua. Itumike kamera ya nyuma, maana ile ya mbele mara nyingine hugeuza kushoto kuwa kulia, na hata hivyo uliza kwa maneno ni jicho lipi linaloumwa.

Picha ya kwanza ionyeshe macho yote mawili na paji la uso. Hii ndiyo picha muhimu kuliko zote, kwa sababu jicho zima ndilo kipimo cha lile lenye ugonjwa. Kisha zipigwe picha mgonjwa akiangalia mbele, juu, chini, kushoto na kulia bila kugeuza kichwa. Mimi napendelea video ya sekunde kumi ambamo anafuata kidole kinachosogezwa polepole, kwa kuwa jicho linalokwama huonekana wazi likiwa katika mwendo. Mwishowe ipigwe picha kutoka chini, mgonjwa akiwa ameinua kidevu, ili macho yote mawili yaonekane juu ya mashavu na iwezekane kuona kama moja limetokeza kuliko jingine.

Ikiwa ukope umevimba kiasi cha kufunga jicho, anayemhudumia anawe mikono, aweke kidole gumba kwenye mfupa ulio chini ya nyusi na kuuvuta ukope juu polepole, bila kuligandamiza jicho lenyewe. Jambo hili halifanywi kamwe iwapo jicho limegongwa kwa nguvu, limechomwa na kitu chenye ncha au kuna kitu kimerukia ndani, kwa sababu mgandamizo mdogo unaweza kutoa nje vilivyomo ndani ya jicho lililotoboka. Huyo apelekwe hospitali mara moja bila kuguswa. Na pale ambapo ukope hauinuki hata kwa mkono, kutoinuka huko ni jibu tosha: jicho ambalo hakuna aliyeliona haliwezi kuhesabiwa kuwa salama, na mgonjwa achunguzwe siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili: soma ngozi na kope

Wekundu hauonekani sawa katika kila ngozi. Kwenye ngozi nyeusi, ukope wenye maambukizi mara nyingi huwa wa zambarau au mweusi zaidi kuliko ngozi iliyo jirani, na anayesubiri kuona rangi nyekundu anaweza kupitwa na ugonjwa wote. Kwa hiyo angalia mambo yasiyotegemea rangi: ngozi iliyovutika hadi inang'aa, na mkunjo wa ukope wa juu uliotoweka ilhali wa jicho la pili bado upo. Linganisha daima na upande mzima.

Kisha tafuta mahali uvimbe ulipoanzia. Kijipu kidogo chenye kichwa kwenye mzizi wa nywele za kope ni chokea, ambayo huuma ikiguswa lakini kwa kawaida hutulia kwa kukandwa na kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, mara tatu au nne kwa siku. Uvimbe laini, wa rangi isiyokolea, unaowasha badala ya kuuma na uliozuka pande zote mbili, huelekea kuwa mzio. Uvimbe uliokaa upande wa pua, chini ya kona ya ndani ya jicho, hasa ukitoa usaha ukiguswa, unaelekeza kwenye mfuko wa machozi, nao unahitaji kutibiwa kabla haujasambaa. Malengelenge madogo yaliyojipanga upande mmoja wa paji la uso na kuteremka hadi ncha ya pua ni dalili ya mkanda wa jeshi, na yale ya kwenye ncha ya pua yana maana ya pekee, kwa kuwa neva inayohudumia ngozi hiyo huhudumia pia jicho; mgonjwa wa namna hiyo amwone mtaalamu wa macho upesi hata kama jicho bado halijawa jekundu.

Hatua ya tatu: soma jicho lenyewe

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Tazama kwanza weupe wa jicho. Ikiwa ukope umevimba na kubadilika rangi, lakini jicho lililo chini yake ni jeupe, linageuka kila upande na halijatokeza, basi maambukizi yana uwezekano mkubwa wa kuwa mbele ya ule utando. Bado yanahitaji dawa, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja huelekezwa hospitali bila kusubiri, lakini mtu mzima mwenye hali nzuri anaweza kutibiwa kwa vidonge na kuangaliwa tena baada ya siku moja au mbili.

Ikiwa weupe umegeuka mwekundu na utando mwembamba unaoufunika umevimba ukawa kama ute mzito unaotuna juu ya ukingo wa ukope wa chini, shaka yako iongezeke. Ndipo utazame mwendo. Katika picha ya mtu anayeangalia juu, mboni zote mbili zinapaswa kupanda kwa kiwango kimoja. Anapoangalia pembeni, weupe wa upande anaoelekea unapaswa karibu kutoweka katika macho yote mawili. Jicho moja likibaki nyuma, misuli yake imeingiliwa. Halafu tazama picha iliyopigwa kutoka chini: jicho lililosukumwa mbele litatokeza kuliko mwenzake. Uvimbe wa ukope unaweza kudanganya katika picha hii, hivyo fuata nafasi ya konea na usiufuate ukope.

Picha inayonirudia mara kwa mara akilini ni ya mtoto wa miaka saba. Mama yake alinitumia picha moja saa mbili usiku: jicho la kushoto limefumba, ukope wa juu umetuna, taa ya manjano juu. Aliandika kwamba ni mdudu amemuuma. Nilimwomba apige upya kwa tochi ya simu nyingine iliyoshikwa ubavuni, macho yote mawili yakiwa ndani ya picha. Katika picha hiyo mpya sikuona alama ya kuumwa popote, na ukope ulikuwa wa zambarau hadi kwenye ukingo wa mfupa. Nikamwomba auinue ukope. Weupe ulikuwa mwekundu na utando umetuna chini. Nikamwomba video, naye mtoto alipoambiwa afuate kidole kuelekea juu, jicho la kulia lilipanda na la kushoto likasimama katikati, katika sekunde ya sita anasikika akisema, "Mama, linauma nikiangalia juu." Nilipouliza zaidi, mama alisema mtoto alikuwa na mafua mazito kwa siku tisa, makamasi ya kijani upande wa kushoto, na kipimajoto kilionyesha nyuzi 38.9.

Hapo picha na historia vilikuwa vimekamilishana. Kati ya tundu la jicho na zile sainasi za pembeni mwa pua, yaani vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso, kuna ukuta wa mfupa ulio mwembamba kama karatasi, na maambukizi ya sainasi huupita kwa urahisi, hasa kwa watoto. Nilimwambia mama aende hospitali yenye huduma ya dharura usiku ule ule, asisubiri asubuhi, na nikamwandikia sentensi moja ya kuonyesha mapokezi: mtoto ana homa, jicho halipandi juu na linauma likigeuzwa. Picha ya CT ilionyesha usaha uliojikusanya kando ya mfupa huo. Alilazwa, akapewa dawa kupitia mshipa, akafanyiwa upasuaji siku iliyofuata na akabaki na uwezo wake wa kuona. Picha ya kwanza peke yake ingeweza kuwa ya kuumwa na mbu, na nakiri kwamba kama nisingeomba ya pili ningemjibu mama kwa kumtuliza.

Hatua ya nne: soma konea na mboni

Maambukizi mengine hayaji na uvimbe mkubwa wa ukope, lakini yanaharibu jicho kwa kasi, nayo ni yale ya konea. Kuza picha hadi ukione kivuli cha dirisha kinachong'aa juu ya kioo cha jicho. Konea yenye afya ni kama kioo kilichopanguswa, hivyo mng'ao huo huwa na kingo kali. Ukiwa umepindapinda au umefifia, uso wa konea umeharibika. Tafuta kisha doa jeupe au la kijivu juu ya sehemu yenye rangi, hata likiwa dogo kama kichwa cha pini. Doa jeupe katika jicho jekundu linalouma ni kidonda cha konea hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Wakati mwingine huonekana pia mstari mweupe wa usaha uliotulia chini, nyuma ya konea, kama mashapo katika chupa, na huo humaanisha kwamba hali imeshakuwa nzito.

Anayevaa lenzi juu ya jicho yuko katika hatari kubwa ya kidonda hiki, hasa akilala nazo au kuzisafisha kwa maji ya bomba. Bakteria aina ya Pseudomonasi, ambaye hupenda lenzi hizo, anaweza kuila konea ndani ya siku chache. Kwa mtu huyu sisubiri doa lionekane katika picha: jicho jekundu, linalouma na linalokimbia mwanga kwa mvaaji wa lenzi humtosha kumwona mtaalamu siku hiyo. Avue lenzi, asizitupe, aende nazo pamoja na kikopo chake, kwani maabara huweza kuotesha vimelea kutoka humo.

Mahali wekundu ulipokolea pia pana maana. Katika maambukizi ya kawaida ya utando wa nje, yale yenye tongotongo na kope zilizogandana asubuhi, wekundu hukolea karibu na kope na kupungua kuelekea katikati. Ukikolea kama pete inayoizunguka konea, tatizo liko ndani zaidi na linahitaji uchunguzi wa haraka. Mboni zisizolingana kwa ukubwa, au iliyopoteza umbo la mviringo, zina uzito huo huo.

Niseme pia kuhusu picha inayotisha kuliko zote, ile ya doa la damu nyekundu iliyokolea lililofunika nusu ya weupe. Likiwa bapa, lenye kingo zilizo wazi, bila maumivu, bila usaha na bila kubadilika kwa uoni, kwa kawaida ni damu iliyovuja chini ya utando, hata baada ya kukohoa tu, na huisha yenyewe katika wiki mbili hivi. Si maambukizi. Ila likifuata pigo la jichoni, achunguzwe.

Hatua ya tano: uliza yale ambayo kamera haiyaoni

Picha haionyeshi maumivu, homa wala uoni, na mambo hayo matatu hubadilisha uamuzi kuliko rangi yoyote. Uliza kama jicho linauma likigeuzwa, tofauti na kuuma likiguswa, kwa kuwa ukope wowote uliovimba huuma ukiguswa. Uliza kuhusu homa, kichwa kinachouma sana, kutapika, usingizi usio wa kawaida na kuona vitu viwili viwili. Uoni upimwe papo hapo: mgonjwa afunike jicho zima kwa kiganja na asome maandishi yale yale kwa lile linaloumwa, kisha abadilishe. Kuna kipimo kingine kidogo ninachokithamini sana. Mwonyeshe kitu chekundu, kama kizibo cha chupa, kwa jicho moja baada ya jingine. Akisema kwamba kwa jicho bovu wekundu wake umefifia au umekuwa kama kahawia, neva ya jicho huenda inakandamizwa, na hapo kila saa ina thamani yake.

Kwa mtoto mchanga sheria ni moja. Kope zilizovimba na usaha mwingi katika siku 28 za kwanza za maisha ni dharura hata kama picha haieleweki, kwa sababu bakteria wa kisonono, ambao mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya pili na ya tano, wanaweza kutoboa konea ya mtoto kabla wiki haijaisha. Mtoto huyo anahitaji dawa ya sindano, na wazazi nao hutibiwa.

Kuamua muda, na kinachofanyika kabla ya kufika

Mgonjwa aende hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku, akiwa na jicho lililotokeza, lisilogeuka vizuri au linalouma likigeuzwa, uoni uliopungua, mboni zisizolingana, homa pamoja na ukope uliobadilika rangi, au akiwa mtoto mchanga mwenye usaha. Siku hiyo hiyo aonekane mwenye doa juu ya konea, mvaaji wa lenzi mwenye maumivu, mwenye malengelenge ya mkanda wa jeshi karibu na jicho, na yeyote ambaye jicho lake halikuweza kufunuliwa. Wengine, mbali na mtoto wa chini ya mwaka mmoja, aliyeumizwa jicho na mwenye wekundu wa pete niliowataja juu, wanaweza kusubiri kituo kifunguliwe kesho, kwa sharti la kuangaliwa tena jioni.

Kabla ya kufika, usiminye chokea wala usitie matone yaliyobaki nyumbani. Matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, huondoa wekundu kwa siku moja au mbili na kumpa mgonjwa matumaini, huku kidonda kinachosababishwa na virusi vya herpes au fangasi kikipanuka chini yake. Nimepokea picha za macho yaliyoonekana meupe na mazuri, yenye konea iliyokuwa imeharibika kwa namna hiyo hasa. Kwa hiyo uliza daima ni matone gani yameshatiwa, na omba picha ya kichupa, jina la dawa likisomeka.

Kwa yule anayeangaliwa nyumbani baada ya kuanza dawa, chora kwa kalamu mstari mwembamba kwenye mpaka wa uvimbe shavuni au kwenye paji la uso, mbali na ukingo wa ukope, kisha piga picha nyingine baada ya saa 12, mahali pale pale, kwa mwanga ule ule na umbali ule ule. Asubuhi ukope unaweza kuonekana mkubwa zaidi kwa sababu tu mgonjwa alilala, hivyo linganisha asubuhi na asubuhi, jioni na jioni. Uvimbe ukiuvuka mstari, au weupe uliokuwa safi jana ukaanza kuwa mwekundu leo, au mtoto aliyekuwa akifuata kidole akakataa kuangalia upande mmoja, arudishwe kwa daktari siku hiyo akiwa na picha zote mbili.